Skripti za tangazo la pili kwa waliotazama la kwanza wasinunue: mfano wa duka la kofia Lamu

Wauzaji wengi hapa pwani tangazo la kwanza likikosa kuuza wanafanya moja kati ya mambo mawili, ama wanalirusha lile lile tena kwa watu wale wale, ama wanashusha bei. Yule mtu aliyekaa akatazama video yako mpaka karibu na mwisho kitu amekipenda, hakuna mtu wa kutazama kofia nusu dakika kama haimvutii. Kilichomrudisha nyuma ni swali ambalo video haikumjibu na yeye akaona uvivu kuuliza. Skripti ya pili kazi yake ni hiyo tu, kulijua lile swali na kulijibu kabla hajauliza.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ndio tuelewane. Tuseme kuna duka mtaa wa Langoni hapa Lamu mjini, linauza kofia za kushonwa kwa mkono, bei shilingi 4,500. Tangazo la kwanza ni video ya sekunde 40 imewekwa Feisbuku na Instagramu, ukibonyeza inakupeleka Watsapu. Namba zote za mfano huu ni za kuonyesha hesabu, wewe weka zako.

Kwanza, jua kila mtu ameona nini

Hii hatua watu wanairuka na ndio inayobeba kila kitu. Chukua karatasi, fungua video yako ya kwanza, andika sekunde kwa sekunde kinachoonekana. Kwa duka letu inakuwa hivi: sekunde 0 mpaka 12 mkono unashona vitundu, 12 mpaka 25 kofia imekamilika na mzee mmoja anaivaa, sekunde ya 26 bei inatokea, na kuanzia 33 ndio anaambiwa namna ya kuagiza.

Sasa Meta, kampuni yenye Feisbuku na Instagramu, inahesabu watazamaji kwa asilimia ya video, kuna waliofika 25%, 50%, 75% na 95%. Kwa video ya sekunde 40, 25% ni sekunde ya 10 na 75% ni sekunde ya 30. Yaani aliyeishia kwenye 25% ameona mkono unashona basi, hata kofia nzima hajaiona, bei haijui. Aliyefika 75% ameona kofia, amejua ni 4,500, lakini pengine hakufika pale unapomwambia aagize vipi. Hawa ni watu wawili tofauti na ukiwapa skripti moja utamkosea mmoja wao, wa kwanza utamjibu swali ambalo hajawa nalo na wa pili utamweleza anachokijua.

Pili, tengeneza makundi

Ndani ya Ads Manager, pale Meta unaposimamia matangazo yako, nenda `Audiences`, kisha `Create audience`, `Custom audience`, halafu kwenye vyanzo chagua `Video`. Pale utachagua asilimia, utachagua video yenyewe, na utaweka ni siku ngapi mtu abaki ndani ya kundi, mwisho ni 365. Kwa kofia mimi naweka 30. Kitu cha bei kama hii mtu anakifikiria siku kadhaa, pengine anasubiri mshahara, lakini aliyekutazama miezi sita nyuma hata hakukumbuki, kwake ni kama tangazo la kwanza tu. Na usijali kama video imeshamaliza kurushwa, kundi linawachukua hata waliotazama kabla hujaliunda, ilimradi wako ndani ya siku ulizoweka.

Tengeneza mawili, moja la 25% na moja la 75%. Hapa kuna mtego. Kundi la 25% maana yake ni waliotazama angalau 25%, kwa hivyo wale wa 75% wamo ndani yake pia. Tuseme la kwanza lina watu 2,600 na la pili 640, basi wale ambao kweli waliishia katikati ni 1,960. Ukitengeneza tangazo la kundi la 25% ni lazima uweke lile la 75% kwenye `Exclude`, yaani wasionyeshwe, la sivyo wale 640 watapigwa na matangazo yote mawili na wewe utalipa mara mbili.

Waliokwisha kununua watoe pia. Unapakia orodha ya namba zao za simu zikiwa na 254 mbele, halafu unaiweka kwenye `Exclude`. Kumbuka namba ya mteja ni data yake, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umweleze unaitumia kwa nini, kwa hivyo wakati wa kuuza mwambie na upate ridhaa yake. Orodha ikiwa na watu wachache sana haitafanya kazi, mfumo unataka watu kama 100 waliotambulika ndipo kundi litumike.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika, angalia setingi ya walengwa. Siku hizi mfumo unapenda kulichukua kundi lako kama pendekezo tu halafu unaenda kuwatafuta watu wengine nje yake. Kwa tangazo la kwanza sawa, kwa hili la pili inaharibu kila kitu manake skripti imeandikwa kwa mtu aliyekwisha kuona video. Tafuta pale unapoweza kulifunga lisitoke nje ya kundi. Dalili kwamba limetoka ni rahisi, kundi lako lina watu 640 halafu ripoti inakwambia tangazo limewafikia 3,000.

Tatu, yatafute maswali, usiyabuni

Usikae chini ukafikiria wateja wanaogopa nini. Fungua Watsapu ya duka, rudi nyuma kwenye mazungumzo ya mwezi mmoja ya watu walioulizia wasinunue, andika ujumbe wa mwisho wa kila mmoja kabla hajanyamaza. Yaandike kwa maneno yao wenyewe. Kwa duka la kofia utakuta kitu kama hiki:

"Hii ni ya mkono kweli ama ya mashine?"
"Mbona 4,500 na huku kwetu nazipata 500"
"Niko Nakuru itanifikia vipi"
"Sijui size yangu"
"Nikituma pesa nitajuaje hamtanikula"

Ukiyapanga utaona ni mambo matatu tu. Swali la bei na swali la mkono au mashine ni swali moja, mtu akiamini ni ya mkono bei inajieleza. Swali la kufika na swali la kuibiwa ni moja pia, yaani uaminifu wa safari. Na kipimo kinasimama peke yake. Hesabu kila moja limeulizwa mara ngapi, lililoulizwa sana ndilo utakaloanza nalo.

Nne, andika

Skripti ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza, sekunde 20 hivi, inatosha maneno 40 mpaka 45 ya kusema bila kukimbia. Isome kwa sauti na saa mkononi, Kiswahili maneno yetu marefu, kinachoonekana kifupi kwenye karatasi kinaweza kuchukua nusu dakika mdomoni. Inaanza na swali lenyewe ndani ya sekunde 3 za mwanzo, inafuata ithibati ambayo macho yanaiona, kisha kitu kinachomtoa wasiwasi, na mwisho jambo moja tu la kufanya. Salamu, historia ya duka, jina la duka kwa herufi kubwa, vyote hivyo tangazo la kwanza limeshafanya. Na maneno yaandikwe kwenye video, wengi wanatazama simu ikiwa kimya.

Hii ni ya lile kundi la 25% waliokatika mapema, hawa wanahitaji kuiona kofia nzima na kuijua bei:

> Picha: kitambaa cheupe kimechorwa, sindano inaingia, kisha kofia iliyokwisha inawekwa mezani, karatasi ya bei kando yake.
> Sauti: "Kofia hii inaanza na kitambaa cheupe, kalamu na sindano. Mchoro unachorwa kwanza, kisha kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi. Ikimalizika ni shilingi elfu nne mia tano. Zipo namba 21 mpaka 23. Tuandikie KOFIA, tukutumie picha za zilizopo."

Hizi tatu ni za kundi la 75%. Ya kwanza inajibu bei:

> Picha: kofia mbili zimegeuzwa ndani nje, moja ya mashine moja ya mkono, kamera inasogea karibu kabisa.
> Sauti: "Kofia mbili, moja mia tano, moja elfu nne mia tano. Tofauti iko ndani. Hii ya mashine, uzi wa chini umepita mstari kwa mstari. Hii ya mkono, kila kitundu kimezungushiwa peke yake. Tuandikie MKONO, tukutumie video ya ndani ya kofia utakayochagua."

Angalia kwamba hakuna mahali inaposema ya mashine ni mbovu. Anayetazama pengine anayo kichwani, ukiitukana umemtukana yeye. Mwonyeshe tu, jicho lake litaamua, na hilo ndilo linalonifanya nisisitize kamera isogee karibu, bila ile picha ya ndani skripti hii ni maneno matupu.

> Picha: mtu anajipima kichwa kwa uzi, uzi unawekwa kwenye rula.
> Sauti: "Hujui namba yako? Chukua uzi, zungusha juu ya nyusi na juu ya masikio, kata, weka kwenye rula. Sentimita 56 ni namba 22. Ikiangukia katikati, chukua kubwa. Ukiipokea ikikubana, irudishe ndani ya siku saba tukubadilishie. Tuandikie KIPIMO."

Namba ya kofia ni inchi za mzunguko wa kichwa, ndio maana 56 inaenda na 22. Hii skripti naipenda kuliko zote kwa sababu inamfanya mtu afanye kitu kwa mikono yake, na aliyekwisha kupima kichwa chake kwa ajili ya kofia yako hayuko mbali na kununua.

> Picha: kofia inaingia boksi gumu, jina linaandikwa, boksi kwenye boti, kaunta ya parseli, risiti.
> Sauti: "Kofia iko Lamu, inafikaje Nakuru? Tunaifunga kwenye boksi gumu isikunjike, inavuka kwa boti mpaka Mokowe, inapanda basi. Risiti ya parseli tunakupigia picha hapo hapo. Unalipa nusu sasa, nusu ukishaiona risiti. Tuandikie MZIGO na mji wako."

Hii usiipige dukani. Mfuate kijana anayepeleka mzigo, piga picha ya boti ikitoka gati ya Lamu, piga Mokowe boksi likipokelewa, vipande vitatu vya sekunde 3 vinatosha. Mtu wa bara hajui kisiwa kinasafirishaje kitu, na asichokijua anakiogopa. Na hilo la nusu kwa nusu ama kurudisha kwa siku saba uliandike tu kama unaweza kulitimiza, kama duka lako halibadilishi usiahidi, tafuta njia nyingine ya kumtoa wasiwasi kama kupiga simu ya video akaichagua mwenyewe.

Maneno ya kuepuka

Usiseme "tumeona ulitazama video yetu ukaondoka" au "bado unafikiria?". Mtu anashtuka, anahisi anafuatwa nyuma. Yeye hahitaji kujua unajua, anahitaji jibu limfikie tu kama limekuja lenyewe.

Kwa sisi wauza kofia kuna jingine kubwa zaidi. Masharti ya matangazo ya Meta hayaruhusu tangazo lidokeze kwamba unaijua dini ya mtu. "Wewe Muislamu unayejiandaa na Idi" linaweza kukataliwa, lakini "Kofia za Idi zimefika" linazungumzia kofia, halimzungumzii mtu. Ukikataliwa angalia hapo kwanza kabla hujalalamika.

Na "zimebaki mbili tu" kama zimebaki kumi, acha. Kundi la pili ni watu walewale wiki nzima, wataliona tangazo Jumatatu zimebaki mbili, Ijumaa zimebaki mbili, na hapo hata lile la mkono na mashine hawataliamini tena.

Tano, rusha kidogo kidogo

Kundi la watu 640 ni dogo, usilikate vipande vitatu. Wala usiziweke skripti zote tatu pamoja siku ya kwanza, mfumo utaichagua moja mapema kwa kubonyezwa mara chache tu na nyingine hazitaonekana. Rusha moja siku tano, kisha ya pili siku tano, kisha ya tatu, ukianza na swali lililoulizwa sana. Tuseme shilingi 300 kwa siku, kila skripti inakula 1,500.

Kila siku angalia safu ya `Frequency`, hiyo ni wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo. Mfano limeonyeshwa mara 3,200 kwa watu 500, ni 6.4. Kwa siku tano hiyo nyingi mno, hapo ndipo unapoona watu wanalificha tangazo na maoni ya "tumechoka na kofia zenu" yanaanza. Mimi ikifika 4 na jumbe zimepungua napunguza bajeti au nabadilisha skripti. Na tangazo la kwanza liendelee kurushwa muda wote huo, watazamaji wapya wasipoingia kundi la pili linakauka.

Sita, soma matokeo kwa mauzo

Lile neno la mwisho wa kila skripti, MKONO, KIPIMO, MZIGO, lina kazi. Liweke pia kama ujumbe ulioandikwa tayari wa Watsapu ili mtu akibonyeza linatokea lenyewe, hapo unajua kila mteja ametoka skripti gani. Daftari moja, mistari mitatu, unaandika walioandika na walionunua.

Tuseme MKONO imeleta jumbe 19 na mauzo 2, KIPIMO imeleta jumbe 8 na mauzo 5. Ukiangalia jumbe utasema MKONO ndiyo bora. Gawanya pesa kwa mauzo, MKONO 1,500 kwa 2 ni shilingi 750 kila kofia, KIPIMO 1,500 kwa 5 ni 300. Kama faida yako kwa kofia ni 1,200 basi zote zinalipa, lakini moja inakuachia 450 na nyingine 900. Namba ni ndogo hizi, siku tano nyingine zinaweza kuzigeuza, kwa hivyo usiifute MKONO, irudie kwanza.

Kabla ya kurudia soma yale mazungumzo 17 ya MKONO yaliyokufa. Kama mengi yameishia baada ya mteja kuomba video ya ndani na nyinyi mkaituma kesho yake, skripti haina kosa, dukani ndiko kuna shida, rekodi video ya kila kofia mapema iwe kwenye simu. Kama yameishia mlipotaja nauli ya parseli, basi nauli iingie ndani ya skripti. Na kama jumbe hazikuja kabisa, angalia grafu ya watazamaji wa video hiyo ya pili. Wakianguka wengi sekunde 3 za mwanzo, lile swali si lao, chagua jingine. Wakifika mwisho wasiandike, basi ulichowaomba ni kizito, labda umewaambia walipe wakati walikuwa tayari kuuliza tu.

Misimu nayo ibadilishe skripti. Wiki za kuelekea Idi na Maulidi ya hapa Lamu kwenye mfungo sita, wenye kutazama ni wengi na swali la MZIGO linapanda juu ya mengine yote manake kila mtu anataka kofia ifike kabla ya siku. Pale mwisho badilisha sentensi moja, sema tarehe ya mwisho ya mzigo kuondoka Lamu ambayo wewe na wenye basi mna hakika nayo, ondoa siku mbili za dharura bahari ikichafuka, na tarehe hiyo ikifika lizime tangazo usiku ule ule. Kofia ya mkono haishonwi kwa wiki moja, kwa hivyo hesabu zilizopo dukani kwanza kwa namba zake, 21 ngapi, 22 ngapi, 23 ngapi, ndipo uamue bajeti ya msimu.